Rejea Kwenye Slaidi: Zinazosomwa Ukumbini na Zinazobebwa Nyumbani

Anayesoma makala ya kitabibu akikuta namba 7 juu ya sentensi, hufunua hadi ukurasa wa mwisho, akaona ni kazi ya nani, akarudi alipoishia. Aliyeketi mstari wa sita ukumbini hana cha kufunua. Slaidi hubadilishwa na mtoa mada, na ile orodha ya rejea itakapofika, ikiwa slaidi ya 24, yeye hakumbuki tena namba 7 ilikuwa ya nini. Hata hivyo watoa mada wengi huhamisha utaratibu wa makala kama ulivyo: namba ndogo kwenye mabano, kisha mwishoni slaidi moja iliyojaa mistari kumi na minane ya maandishi madogo, inayoonyeshwa kwa sekunde tatu kabla ya maneno "Asanteni kwa kunisikiliza".

Rejea za aina hiyo hazimsaidii yeyote. Katika wasilisho, rejea ina kazi mbili tofauti, na kila kazi ina mahali pake. Ya kwanza ni kumwezesha msikilizaji kupima uzito wa dai wakati dai lenyewe likiwa bado mbele ya macho yake. Ya pili ni kumpa njia ya kuifikia kazi iliyotajwa akishatoka ukumbini. Kazi ya kwanza hufanyika kwenye slaidi yenye dai, ya pili kwenye slaidi ya rejea. Ukizichanganya, utajaza maandishi kwenye slaidi ya dai na bado msikilizaji ataondoka mikono mitupu.

Tuchukue mfano halisi. Tuseme mganga wa wilaya anazungumza na wauguzi na matabibu kuhusu chanjo ya malaria ya RTS,S, katika ukumbi wa kawaida wa mafunzo. Skrini ina upana wa mita 2, na mstari wa nyuma wa viti uko mita 8 kutoka hapo. Slaidi yake ya nne inasema: "Chanjo hupunguza malaria kwa asilimia 36 [3]". Muuguzi mmoja ananyoosha mkono: "Samahani daktari, mimi nilisoma ni asilimia 50."

Wote wawili wako sahihi, na takwimu zote mbili zimetoka kwenye jaribio lilelile. Lilifanyika katika vituo 11 kwenye nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Kwa watoto waliopata dozi ya kwanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, ufanisi dhidi ya kuugua malaria kwa mara ya kwanza, katika miezi 14 tangu dozi hiyo, ulikuwa asilimia 50.4. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2015 katika Lancet. Safari hii kilichohesabiwa ni kila mara mtoto alipougua, na watoto hao walikuwa wamefuatiliwa kwa takriban miaka minne. Waliopata dozi ya nne ya kuongeza nguvu walikuwa na ufanisi wa asilimia 36.3, na wasioipata asilimia 28.3. Kwa watoto wachanga walioanza chanjo wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 12, takwimu zilikuwa chini zaidi, asilimia 25.9 wakiwa na dozi ya nne na 18.3 bila hiyo.

Kwa hiyo "[3]" haimwambii muuguzi yule jambo analolihitaji. Hata angepewa jina la jarida na mwaka, bado asingejua kama 36 ni ya watoto wakubwa au wachanga, kwa dozi tatu au nne, kwa mwaka mmoja au minne. Hapa ndipo watoa mada makini hukosea zaidi. Huona kwamba wakishaandika chanzo wamemaliza, kumbe takwimu isiyotaja imepimwa kwa nani na kwa muda gani haithibitishwi na chanzo chochote. Ninavyoona, masharti ya takwimu ni sehemu ya rejea, na yanapaswa kukaa mstari mmoja juu ya jina la chanzo. Slaidi ya nne ingesomeka hivi: takwimu kubwa, "Asilimia 36 pungufu ya visa vya malaria", chini yake, "Watoto wa miezi 5–17, dozi nne, miaka minne hivi", na chini yake tena, "RTS,S Clinical Trials Partnership, Lancet 2015". Ni mistari mitatu mifupi, na muuguzi akiitazama anaona mwenyewe kwa nini 50 yake ni tofauti.

Tazama pia kilichoachwa. Hakuna kichwa cha makala, toleo, kurasa wala anwani ya mtandao, kwa sababu hakuna anayevihitaji katika sekunde arobaini za slaidi hiyo. Jina la mwandishi au kundi, mahali kazi ilipochapishwa na mwaka vinatosha kwa kazi ya kwanza. Jina la jarida ndilo watu huliacha wanapofuata mtindo wa "mwandishi, mwaka". Kwa wasikilizaji wa fani ya afya ningelibakiza, maana wengi wao hawamjui mwandishi, ila Lancet wanaijua. Kwa wanahistoria au wanaisimu jina la mwandishi lina uzito zaidi, na jarida linaweza kusubiri slaidi ya mwisho. Kigezo ni jambo ambalo wasikilizaji wako hulitumia kupima uzito wa kazi.

Swali la pili ni mahali pa kuuweka mstari huo. Mazoea ni ukingo wa chini kabisa wa slaidi, karibu na nembo ya taasisi na namba ya ukurasa. Ukumbi wenye sakafu bapa unalikataa hilo, kwani vichwa vya waliokaa mbele hufunika robo ya chini ya skrini kwa walio nyuma, na kama kikao kinarushwa mtandaoni, maandishi ya tafsiri ya sauti hupita palepale. Zaidi ya hayo, chanzo kilicho ukingoni hakionyeshi ni cha dai lipi. Slaidi ikiwa na grafu upande wa kushoto na madai mawili upande wa kulia, mstari mmoja wa chini unaweza kuwa wa vyote vitatu au wa kimoja tu. Kiweke chanzo chini ya kitu chake: cha grafu chini ya grafu, cha takwimu chini ya takwimu. Slaidi ikihitaji vyanzo vinne, kwa kawaida ina madai manne na ilipaswa kuwa slaidi mbili.

Ukubwa wa herufi unaweza kupigiwa hesabu, na hesabu hiyo huwashangaza wengi. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint yenye uwiano wa 16:9 ina kimo cha inchi 7.5, yaani pointi 540. Mstari wa pointi 12 huchukua sehemu moja ya 45 ya kimo hicho. Skrini ya upana wa mita 2 ina kimo cha sentimita 112 hivi, kwa hiyo mstari wa pointi 12 unapata sentimita 2.5, na herufi kubwa yenyewe, ukiondoa nafasi ya juu na chini, haifiki sentimita 2. Kwa aliye mita 8 nyuma, ni sawa na kusoma kitabu umbali wa sentimita 40 kikiwa na herufi kubwa zenye kimo cha chini ya milimita moja. Kwa pointi 18 kimo hicho kinapanda hadi milimita 1.3, ambacho ni kidogo lakini mwenye macho ya kawaida anakisoma. Kwa pointi 24 kinapita milimita moja na nusu. Katika ukumbi wa vipimo hivi nisingeshuka chini ya pointi 18 kwa mstari wa chanzo, na pointi 12, ambayo ndiyo hutumika sana, ni mapambo tu.

Asiyetaka hesabu ana njia nyepesi. Gawanya umbali wa mstari wa nyuma kwa upana wa skrini. Kwa ukumbi wetu ni 8 kwa 2, jibu 4. Sasa pima upana wa slaidi ikiwa imejaa kwenye kompyuta yako, tuseme sentimita 30, uzidishe kwa 4. Simama sentimita 120 kutoka kwenye kompyuta usome. Usichokisoma hapo, wa nyuma hatakisoma. Jaribio hili halipimi jambo moja, nalo ni mwanga. Ukumbi wenye madirisha bila mapazia huosha rangi, na maandishi ya kijivu hafifu kwenye usuli mweupe, ambayo ndiyo mavazi ya kawaida ya vyanzo, hupotea ya kwanza. Chanzo kiandikwe kwa rangi ileile ya maandishi mengine, kitofautishwe kwa ukubwa tu.

Picha na grafu zina sharti la ziada. Ukiichukua grafu kama ilivyo kwenye makala, mstari wa chini useme "Chanzo". Ukiichora upya kwa takwimu za makala, sema "Imechorwa kwa takwimu za". Ukiondoa sehemu, mathalani umebakiza watoto wakubwa na kufuta wachanga, sema "Imefupishwa kutoka", na utaje ulichokiondoa. Tofauti hii si ya adabu tu. Anayeona grafu yenye mistari miwili ilhali makala ina minne anapaswa kujua kwamba aliyechagua ni wewe, wala si wale watafiti. Picha zenye leseni ya Creative Commons hudai pia jina la mpigaji au mchoraji, mahali ilipopatikana na aina ya leseni. Haya yanaweza kwenda kwenye slaidi ya rejea kwa ukamilifu, jina na leseni vikibaki chini ya picha.

Kuna pia takwimu iliyookotwa njiani. Mganga wetu huenda aliiona 36 kwenye slaidi ya mwenzake au kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyoinukuu. Akiandika "Lancet 2015" bila kuifungua makala hiyo, anatoa ushahidi wa kitu ambacho hakukiona. Aifungue, au aandike ripoti aliyoisoma kweli. Katika mfano huu kuifungua kuna faida ya wazi, kwa kuwa humo ndimo angekutana na 28.3, takwimu ya watoto wasiopata dozi ya nne. Katika wilaya ambako watoto wengi hawarudi kwa dozi ya mwisho, hiyo ndiyo takwimu inayowahusu wauguzi wake zaidi.

Sasa tuje kwenye slaidi ya rejea. Nani ataitumia, na akiwa na nini mkononi? Kwa kumbi zetu jibu ni moja: ataipiga picha kwa simu. Wachache wataandika kwenye daftari, na wengine watasubiri faili itumwe kwenye kundi la WhatsApp la washiriki. Slaidi hiyo itengenezwe kwa njia hizo tatu, na iache kuigiza ukurasa wa mwisho wa tasnifu.

Mpangilio wa alfabeti ndio wa kwanza kuondoka. Msikilizaji hamkumbuki mwandishi, anakumbuka grafu. Anayetaka kuirudia ile ya dozi ya nne ataitafuta kwa mada, kwa hiyo panga rejea kwa namba ya slaidi na maneno machache ya kukumbushia: "Slaidi ya 4, ufanisi kwa dozi nne", halafu rejea yenyewe, "Slaidi ya 5, matokeo ya awali ya 2011", halafu rejea yake. Zikipita sita au saba, chagua zile zilizobeba hoja, nyingine zikae kwenye orodha kamili inayofunguliwa kwa simu. Najua kuna wasimamizi wa tasnifu na waandaaji wa makongamano wanaodai kila kilichotajwa kionekane kwenye slaidi. Wape slaidi za ziada baada ya ile ya rejea, zibaki kwenye faili bila kuonyeshwa ukumbini.

Majina ya kazi na ya makundi yasitafsiriwe hapa. Ukizungumza kwa Kiswahili utasema "ushirika wa majaribio ya RTS,S", na ni sawa. Lakini anayetafuta kwenye mtandao kwa maneno hayo hataipata makala, ataipata kwa RTS,S Clinical Trials Partnership pamoja na jarida, mwaka 2015, juzuu 386, ukurasa wa 31. Namba hizo mbili za mwisho ndizo zinazookoa picha iliyotoka na ukungu, kwani jina likisomeka nusu, juzuu na ukurasa vinamfikisha mtu kwenye makala.

Kisha kuna anwani. Makala ile ya Lancet ina utambulisho wa kudumu wa DOI, na anwani yake kamili ni hii:

```
https://doi.org/10.1016/S0140-6736(15)60721-8
```

Ni herufi na alama 45, zikiwemo mabano, vistari na sifuri zinazofanana na O. Hakuna atakayeichapa kwa kidole kutoka kwenye skrini bila kukosea, na ikikosewa alama moja haifunguki au inafungua kitu kingine. Kwenye faili itakayotumwa iwe kiungo kinachobonyezeka. Kwenye skrini ya ukumbi haina kazi ikiwa maandishi, na ndiyo maana watu wamekimbilia msimbo wa QR.

Msimbo huo, uliobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994, una tabia moja ambayo mtoa mada anapaswa kuijua: kadiri anwani inavyorefuka ndivyo miraba yake inavyoongezeka na kuwa midogo. Anwani yetu ya herufi 45, kwa kiwango cha wastani cha kusahihisha makosa, hutoa msimbo wa miraba 33 kwa 33. Anwani ya herufi 20 hutosha kwenye miraba 25 kwa 25. Msimbo ukiwa na upana wa sentimita 50 kwenye skrini, mraba mmoja wa ule mrefu una sentimita 1.5, na wa ule mfupi sentimita 2. Kamera ya simu ya bei nafuu iliyo nyuma ya ukumbi huihisi tofauti hiyo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba msimbo husomeka hadi umbali wa mara kumi ya upana wake. Wa sentimita 50 unafika mita 5. Kuufikisha mita 8 unahitaji sentimita 80, yaani zaidi ya theluthi mbili ya kimo cha skrini yetu. Kwa hiyo ule wa kona, wenye upana wa sentimita 20, unawahudumia waliokaa mita mbili tu kutoka mbele, na mita mbili kutoka mbele kwa kawaida hakuna kiti.

Hapa panatoka uamuzi wa mpangilio. Usiweke msimbo kwa kila rejea. Sita kwenye skrini moja huwa midogo yote, na kamera hunasa wowote ule. Weka mmoja, mkubwa, wenye anwani fupi, unaoelekeza kwenye orodha kamili yenye viungo vyote. Upe upande mzima wa slaidi, na rejea zako tano au sita zikae upande wa pili. Uwe mweusi kwenye mweupe hata kama slaidi nyingine zina usuli wa giza, kwani simu nyingine hazisomi rangi zilizogeuzwa, na uachiwe ukingo mweupe wa upana wa miraba minne pande zote. Chini yake andika ile anwani fupi kwa herufi kubwa, kwa ajili ya asiye na kamera nzuri. Jihadhari na huduma za bure zinazotengeneza misimbo inayopitia kwao, ambayo huzimika muda wa majaribio ukiisha. Skani msimbo wako kwa simu nyingine kabisa, uone kama anwani inayotokea ni ile uliyoiandika wewe.

Orodha kamili ikikaa kwenye faili la mtandaoni, ruhusa ya kulifungua iwe wazi kwa kila mwenye kiungo. Kosa la kawaida kuliko yote ni msimbo unaosomeka vizuri kisha kumpeleka msikilizaji kwenye ukurasa unaomwomba idhini ya mmiliki. Mmiliki mwenyewe halioni, kwa sababu simu yake tayari imeingia kwenye akaunti. Lijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Slaidi hiyo iwe ya mwisho kabisa, ichukue nafasi ya ile ya "Asanteni", na ibaki kwenye skrini muda wote wa maswali. Dakika kumi za maswali zinatosha kwa mtu kutoa simu, kufungua kamera, kukosa na kujaribu tena. Shukrani itamkwe kwa mdomo.

Wengi, lakini, hawatakuwa na slaidi ya rejea kamwe. Watakuwa na picha ya slaidi ya nne peke yake, iliyopigwa na mtu na kusambazwa kwenye makundi matatu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kubakiza jina, jarida na mwaka pale pale chini ya takwimu. Picha yenye "Lancet 2015" na "miezi 5–17, dozi nne" inaweza kufuatiliwa na yeyote, ilhali yenye "[3]" inageuka uvumi siku hiyohiyo. Na ukituma faili zima, lihifadhi kama PDF kutoka kwenye PowerPoint kwa amri ya kuhifadhi au kuhamisha. Njia ya kuchapisha kwenye PDF mara nyingi huua viungo vyote na kuacha maandishi ya buluu yasiyobonyezeka. Fungua faili kwenye simu, bonyeza kila kiungo, ndipo utume.

Yote haya yanafaa pale kazi iliyotajwa inapofikika. Mganga wetu ana pia slaidi ya sita, yenye visa vya malaria vya wilaya yake kwa miaka mitatu, aliyoitoa kwenye mfumo wa DHIS2. Hiyo haina DOI, na wengi ukumbini hawana akaunti ya kuuingia mfumo huo. Tena takwimu zake hubadilika, kwani vituo huendelea kuleta na kusahihisha ripoti za miezi iliyopita, hivyo atakayezitoa mwezi ujao anaweza kupata jumla nyingine. "Chanzo: DHIS2" haitoshi hapo. Chini ya grafu ataje mfumo, wilaya, kipindi, kipimo chenyewe kwa jina lake kamili (visa vilivyothibitishwa kwa kipimo, au vyote vilivyotibiwa), na tarehe aliyozitoa. Na kwa kuwa hakuna kiungo kitakachomfikisha msikilizaji kwenye takwimu hizo, jedwali lenyewe, mwezi kwa mwezi, liingizwe kwenye ile orodha inayofunguliwa kwa msimbo, au lichapishwe nusu karatasi ya A4 na kuwekwa mlangoni.